Pima kwenye bikoni, si kwenye uzio

Kabla mchoraji hajaanza ramani ya nyumba, mpe nakala ya hati na ramani ya upimaji, kisha nendeni kiwanjani mkazitafute bikoni zote, zile alama za mipaka ya kiwanja. Uzio hudanganya. Tuseme hati inasema upana ni mita 15, ila uzio umeingia kwa jirani na mkapima 16. Nyumba ya upana wa mita 12 itaonekana imeacha mita 2 kila upande. Mkaguzi wa kibali anasoma hati, na kwake upande wa jirani huyo imebaki mita 1 tu. Kama sharti la eneo lenu ni mita 2, michoro inarudi yote, hadi ya msingi na paa (na mchoraji atataka malipo mapya).