Posti ya hasira kuhusu sofa: jinsi tulivyoigeuza kuwa lalamiko linalojibika

Nimepokea malalamiko ya wateja dukani kwa miaka sita, kwa hiyo mdogo wangu aliponiletea posti yake kabla hajaituma, nilijua mahali itakapokwama. Aliagiza sofa kwenye karakana moja ya Keko, Dar es Salaam. Posti ilisema hivi:

"TAHADHARI JAMANI!!! Hawa ni MATAPELI. Wamekula laki sita zangu, wiki tano wananizungusha, mwisho wameniletea sofa ya spongi feki. Meneja mlevi, hana adabu. Wanaibia watu kila siku!"

Hatua ya 1. Iandike kwenye notisi za simu, si kwenye kisanduku cha kuposti, maana kidole kikiteleza imeshakwenda. Andika yote, na matusi yako.

Hatua ya 2. Kusanya ujumbe wa malipo, mazungumzo ya WhatsApp na picha. Ukiposti picha ya malipo, ziba namba za simu.

Hatua ya 3. Chekecha sentensi moja moja. Hapa tulikaa jioni nzima. Kila sentensi niliuliza: umeliona, umeambiwa, au umeliwaza?

"Matapeli" aliliwaza. Utapeli ni kukusudia kudanganya tangu mwanzo, na sofa kuchelewa hakuthibitishi kusudio hilo. "Wamekula laki sita" si kweli, kwa sababu sofa ililetwa. "Wanaibia watu kila siku" hakuwa na mtu mwingine hata mmoja anayemjua. "Mlevi" hakuwahi kumwona akinywa. Alichokisikia ni meneja kumwambia kwenye simu, "Subiri kama wenzako." Basi tukaandika maneno hayo hayo.

"Spongi feki" ndiyo iliyotusumbua zaidi, kwa sababu ndani yake kulikuwa na kosa la kweli. Feki kwa kulinganisha na nini? Tukarudi WhatsApp: walikubaliana spongi ya inchi 5, kipande kimoja. Tukafungua zipu ya mto, tukapima kwa rula: inchi 3, tena vipande viwili vilivyogundishwa. Kipimo hicho karakana haiwezi kukibishia, lakini neno "feki" wangelikana kwa sentensi moja.

Usijidanganye kwamba ukitanguliza "nadhani" umepona. "Nadhani ni wezi" bado ni kumwita mtu mwizi. Alama ya kuuliza nayo haisaidii, wala kuficha jina huku picha inaonyesha kibao cha duka. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa anayojua si ya kweli kwa nia ya kuchafua au kutukana, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mdogo wangu alijua fika kwamba laki sita hazikuliwa.

Halafu kuna lile ambalo mlalamikaji hulificha: sehemu yake mwenyewe. Tarehe 10 Juni alibadilisha rangi ya kitambaa. Hakutaka kuliandika. Nikamwambia aliandike, kwa sababu karakana ingejibu kwa picha ya ujumbe huo tu, na wasomaji wangeacha kumwamini hata kwenye spongi. Tena ukihesabu wiki mbili upya kuanzia siku hiyo, bado walichelewa wiki mbili.

Hatua ya 4. Taja unachotaka na siku ya mwisho. Usitishie polisi; taja ngazi halisi inayofuata. Wala usilainishe hadi uanze kuomba radhi, hilo nalichukia kuliko matusi.

Ikawa hivi:

"Tarehe 3 Juni niliagiza sofa ya 950,000 kwenye karakana hii, nikatanguliza 600,000. Tulikubaliana wiki mbili. Tarehe 10 nilibadilisha rangi ya kitambaa. Sofa ililetwa tarehe 8 Julai, nikamaliza 350,000 kabla ya kuikagua. Tulikubaliana spongi ya inchi 5, kipande kimoja. Nimepima, ni inchi 3, vipande viwili (picha). Nilipopiga simu kuulizia, meneja alinijibu, 'Subiri kama wenzako.' Naomba spongi ibadilishwe kwa gharama zenu, pamoja na usafiri, kufikia Jumamosi tarehe 19. Isipobadilishwa nitapeleka lalamiko Tume ya Ushindani (FCC)."

Hatua ya 5. Mtumie mwenye karakana kwanza, faragha, umpe siku mbili. Mimi sikubali kuruka hatua hii. Mdogo wangu alituma maandishi, si sauti, maana sauti ya hasira hubeba yote tuliyoyafuta.

Siku mbili zilipita kimya, akaposti. Jioni ile ile mwenye karakana akapiga simu, na Ijumaa vijana wake walileta spongi mpya. Tulipima mlangoni: inchi 5. Akaongeza mstari chini ya posti: "Imebadilishwa tarehe 18 Julai, bila malipo."