SOMO: Jinsi ya kuandika tarehe za waziri mkuu aliyepinduliwa katikati ya muhula (tumtumie Ranil wa Sri Lanka)

Wakuu, tarehe za kwenye orodha ya mawaziri wakuu zinawachanganya wengi, twende nazo kwa Ranil Wickremesinghe, huyu ukimuelewa wengine mteremko.

Hatua ya 1. Tafuta kiapo, achana na siku ya uchaguzi. Ranil aliapishwa 9 Januari 2015. Agosti mwaka huohuo kukawa na uchaguzi akaapa tena, ila hapo katikati hakuna mtu mwingine aliyekalia kiti kwahiyo usikate, ni kipindi kilekile kinaendelea.

Hatua ya 2. Tafuta siku mtu mwingine alipoapishwa. 26 Oktoba 2018 usiku Rais Sirisena akamtimua Ranil na kumuapisha Mahinda Rajapaksa. Ranil akagoma kabisa kutoka Temple Trees, yale makazi ya waziri mkuu, akisema yeye ndo halali, na Spika na wabunge wengi wakawa upande wake. Yaani nchi moja mawaziri wakuu wawili.

Hatua ya 3, hapa ndo wengi wanapigwa chenga: huyo wa katikati, Rajapaksa, kipindi chake kiliisha lini? 14 Novemba bunge lilipitisha kutokuwa na imani naye, hakuondoka. 3 Desemba Mahakama ya Rufani ikamzuia kufanya kazi, ila kuzuiwa kwa muda sio kuvuliwa cheo. Alijiuzulu 15 Desemba, basi andika hiyo, na pembeni weka alama kwamba kipindi chake kilikuwa na mgogoro.

Hatua ya 4. Aliyerudi mpe mstari mpya. Ranil aliapa upya 16 Desemba 2018 mbele ya Sirisena huyohuyo, akaondoka 21 Novemba 2019.

MASWALI

– Mkuu, kama Ranil hakukubali kufukuzwa si tuandike 2015 hadi 2019 moja kwa moja?

Wapo wanaoandika hivyo na wana hoja. Lakini Mahakama ya Juu 13 Desemba iliamua kuhusu Rais kuvunja bunge, sio kuhusu kumfukuza Ranil. Na kile kiapo cha pili kipo. Mimi nakata mistari miwili, alafu naeleza chini kwamba alipinga.

– Na Hamdok wa Sudan je? Naye alirudishwa.

Yule alianza 21 Agosti 2019, jeshi likamkamata 25 Oktoba 2021, akarudishwa 21 Novemba, akajiuzulu 2 Januari 2022. Tofauti ni kwamba hapo kati hakuapishwa waziri mkuu mwingine, Burhan alikuwa anashika nchi kama mkuu wa jeshi. Kwahiyo mistari miwili ya Hamdok, katikati andika kiti kilikuwa wazi. Usimuweke Burhan kwenye orodha ya mawaziri wakuu, hakuwahi kuwa.

– Siku za katikati nazijumlisha kwenye jumla ya Ranil ya 2015 hadi 2019?

Hapana, ukishakata mistari jumlisha miwili tu.