Namna ya kuposti wigi la mawimbi bila mteja kukurudia na futi kamba

Juzi binti wa jirani yangu wa Makorora alikuja dukani kwangu Ngamiani, uso umemshuka, simu mkononi. Ana miezi miwili tangu aanze kuuza mawigi, na mteja wake wa tatu karudisha mzigo. "Dada, ananiambia nimemwibia inchi nne. Na paketi imeandikwa 18, mimi sijaongeza hata neno."

Nilicheka, ila si kwa ubaya. Kesi hiyohiyo ilinikuta mimi mwaka wangu wa kwanza, tena kwa mteja wa Pangani aliyelirudisha wigi kwa basi na nauli ya kifurushi nikalipa mimi. Basi tukakaa, tukaitengeneza posti upya kwa wigi lilelile. Hivi ndivyo tulivyofanya. Wigi lenyewe ni la nywele za binadamu, la mawimbi, rangi 1B, lesi ya inchi 4 kwa 4, lebo inchi 18.

Hatua ya 1: Osha wigi moja katika kila mzigo

Usiruke hapa. Mimi niliruka, nikaja kukesha usiku mzima nikipima upya mawigi 11.

Wigi la mawimbi likitoka kwenye paketi linakuwa limebanwa na kuvutwa. Limefungwa wavu, limelala wiki kadhaa, wimbi limenyooka kidogo. Ukilipiga picha siku hiyo linafika kifuani. Mteja akiliosha mara ya kwanza, mawimbi yanarudi kwenye hali yake na wigi linapanda. Hakuna aliyelikata, na wala mteja wako hajaliharibu. Yule wa Pangani nilimbishia siku mbili nzima nikidhani kapitisha mkasi, hadi nilipoosha la kwangu la mzigo uleule na kuona kwa macho.

Kwa hiyo chagua moja, lioshe kwa shampuu na maji ya uvuguvugu, litundike kivulini likauke lenyewe. Usipime likiwa bichi: nywele yenye maji ni nzito, inajivuta chini, nayo itakudanganya vilevile. Usilipige drai pia. Hapa kwetu pwani hewa ina unyevu, wigi zito naliacha mpaka kesho yake ndipo naliita kavu. Ukigusa shina karibu na kofia ya wigi ukahisi ubaridi, bado.

Hilo ulilolifua utaliuza kama "limeoshwa mara moja, limevaliwa kwa picha tu", na unalipunguza bei kidogo. Mimi naliona kuwa ndilo la kuaminika kuliko yote dukani.

Hatua ya 2: Pima mara mbili, andika zote mbili

Tumia futi kamba ya fundi cherehani. Rula inapita juu ya mviringo wa kichwa na kukupa uongo.

Livishe kichwa cha mdoli. Anzia utosini, pale nywele zinapogawanyikia. Sema kwenye posti kwamba umeanzia hapo, kwa sababu wapo wanaoanzia mbele kwenye paji na wao wanapata namba kubwa zaidi kwa wigi lilelile. Hakuna anayesema uongo, wameanzia pengine tu.

Kwanza pima likilala lenyewe, usiliguse. Kisha shika shungi moja nyuma, livute taratibu mpaka linyooke, pima tena.

Sasa sehemu iliyotugombanisha mimi na binti. Alivuta shungi, futi ikasoma 18 kamili, akafurahi. Nikamwambia tazama chini: zilizofika 18 ni nywele chache, nyembamba kama mkia wa panya. Kwenye nywele za kawaida sokoni, ndefu na fupi zimechanganywa kwenye mshono mmoja, na kiwanda kinahesabu ile ndefu kuliko zote. Mteja hanunui unywele mmoja. Shika shungi kwa vidole viwili, telezesha kutoka juu kwenda chini, na pale unapohisi unene umepungua nusu, hapo ndipo wingi unapoishia. Pima hapo. Tulipata inchi 16 na nusu.

Hesabu ya wigi letu ikawa hivi. Likivutwa, nywele ndefu kabisa ni 18 na wingi unaishia 16 na nusu. Likilala siku ya paketi ni 14 na nusu. Likilala baada ya kuoshwa na kukauka ni 12 na nusu. Hiyo 12 na nusu ndiyo mteja atakayoishi nayo, na ndiyo haikuwepo kabisa kwenye posti ya kwanza.

Kadiri wimbi linavyokuwa dogo ndivyo tofauti inavyokua. Wigi lililonyooka halina shida hii, pima mara moja uendelee na kazi. Lakini usijitungie kanuni ya "toa inchi nne": mizigo miwili yenye jina moja kwenye paketi imewahi kunipa tofauti ya inchi tatu na ya inchi sita.

Mwisho, watu hawafikirii kwa inchi. Vaa mwenyewe, useme linafika wapi mwilini: begani, kwapani, kwenye kamba ya sidiria. Taja na urefu wako. Binti ana futi 5 na inchi 2, kwake lilifika juu kidogo ya bega.

Hatua ya 3: Umbile la nywele

Majina ya dipu wevu, wota wevu na mengine andika kama wateja wanayatafuta, ila usiyategemee, kila kiwanda kina wimbi lake. Linganisha na kitu kilichoko kila nyumba. Mzunguko wa wimbi la wigi letu unalingana na kizibo cha soda, basi tuliweka kizibo chenyewe juu ya nywele tukapiga picha. Hakuna swali lililobaki.

Kama hujui ni za binadamu au sintetiki, chomoa nywele mbili tatu uzichome. Za binadamu zinanuka kama unyoya wa kuku na kubaki jivu linalosagika. Sintetiki inayeyuka ikawa kidonge kigumu. Chomoa sehemu tofauti, mbele na kisogoni, maana yapo yaliyochanganywa.

Asilimia ya wingi wa nywele siandiki kabisa. Naweka wigi kwenye mizani ya jikoni naandika gramu. Hili lilikuwa 210 pamoja na kofia yake.

Hatua ya 4: Picha

Kupiga unajua. Nataka kusema juu ya weusi tu, kwa sababu weusi ndio unaoharibika.

Rangi 1 ni nyeusi tii. 1B ni nyeusi yenye ukahawia kwa mbali, kama nywele zetu wenyewe juani. Kamera ya simu ikikutana na kitu cheusi kilichojaa kwenye fremu inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na 1B inatoka kahawia iliyopauka. Gusa kioo cha simu pale usoni, kisha kialama cha jua kinachotokea kivute chini kidogo mpaka ngozi ifanane na ngozi. Shika karatasi nyeupe kwenye picha moja. Karatasi ikionekana nyeupe, rangi ya nywele ni ya kweli.

Karatasi hiyo ndiyo iliyoniokoa. Kuna kipindi mawigi yangu yote yalikuwa yanatoka na weusi wa kibuluu, mzuri ajabu, na wateja wakipokea wanasema si lenyewe. Nilibadilisha simu ya kupigia, nikafuta kioo cha kamera, wapi. Kumbe jirani alikuwa ametandaza turubai la bluu mbele ya mlango kuzuia jua, na mwanga wote ulioingia dukani ulipita hapo. Kuta za rangi ya waridi zinafanya vivyo hivyo, nywele zinapata wekundu.

Simama karibu na dirisha au mlango, kivulini, saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, uso ukitazama nje. Flashi zima: inafanya sintetiki ing'ae kama nailoni na ya binadamu ionekane kavu. Nyuma tundika shuka la kaki au kijivu.

Filta huna haja nayo, lakini kumbuka simu nyingi zina yake ya ndani. Fungua kamera utafute Beauty, ishushe hadi sifuri, tena kwa kamera ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake. Portrait usitumie hata kidogo. Inatia ukungu nyuma ya kichwa na kula nywele ndogondogo za pembeni, na hizo ndizo zinazomwonyesha mteja kama wigi lina vurugu au limetulia. Ukituma kwa WhatsApp, bonyeza HD kabla ya kutuma.

Piga mbele, ubavuni, nyuma, ndani ya kofia, na lesi kwa karibu. Kisha vaa siku nzima ukiendelea na shughuli zako, jioni upige kisogo.

Hatua ya 5: Matunzo

Mistari mitatu, na iwe ya wigi hilo. Binti alikuwa amenakili orodha ya mambo kumi, nusu yake ya sintetiki.

Kwa hili: chana likiwa bichi, kwa kitana cha meno mapana, ukianzia nchani kupanda juu. Dawa ya kulainisha isiguse mafundo ya lesi, yatalegea na nywele kuchomoka. Ukivaa mtandio juu yake, kisogo ndicho kitakachofungana kwanza, kitenganishe kila jioni. Kwa sintetiki ningeongeza moja: wewe unayekaanga bajia au vitumbua, livue kwanza, mvuke wa karai unakunja nywele za mbele na hazirudi.

Hatua ya 6: Maandishi

Posti aliyoirudisha hewani ni hii:

"Wigi la nywele za binadamu, dipu wevu, wimbi la ukubwa wa kizibo cha soda. Rangi 1B. Lesi 4 kwa 4, gramu 210. Kutoka utosini: likivutwa inchi 16 na nusu, likilala baada ya kuoshwa inchi 12 na nusu. Paketi imeandikwa 18. Mimi nina futi 5 na inchi 2, kwangu linafika juu kidogo ya bega. Limeoshwa mara moja, halijavaliwa nje, nimelivaa siku moja kwa picha. Picha hazina filta. Picha ya mwisho ni kisogo baada ya kuvaa kutwa na mtandio."

Bei akaiweka palepale chini, nilimlazimisha. Ile picha ya kisogo alitaka kuifuta, nywele zilikuwa zimefungana kama kiota. Tukakubaliana ibaki, ila aongeze nyingine ya baada ya kuchana, na aandike ilimchukua dakika ngapi. Zilikuwa 7.