Kukadiria ukubwa wa mada ya video za Kiswahili kabla hujarekodi: mfano wa dawa za mikorosho

Andika "korosho" kwenye YouTube uone kinachokuja. Bei za mnada, hotuba za viongozi, faida za kula korosho na kilimo chenyewe, vyote vimechanganyika kwenye ukurasa mmoja. Mtu akijumlisha watazamaji wote hao anajiambia mada ni kubwa mno, ananunua kamera, anakwenda Tandahimba kurekodi. Lakini mkulima anayetafuta dawa ya ugonjwa wa ubwiri unga na mtu wa Dar anayetaka kujua korosho zina faida gani mwilini si hadhira moja. Hapa nakadiria mada moja tu: video za kupulizia dawa mikorosho, kwa Kiswahili.

Hatua ya 1: Kusanya maneno wanayoandika wakulima

Fungua YouTube kwenye dirisha la siri la kivinjari ili historia yako isiingilie majibu. Andika "dawa ya korosho" taratibu, usibonyeze kutafuta, usome mapendekezo yanayoshuka chini. Rudia kwa "mikorosho", "ubwiri unga", "kupulizia salfa", "mbu wa mikorosho".

Kisha shuka kwenye komenti za video za kilimo zilizopo. Mtaalamu ataandika ubwiri unga. Mkulima wa Newala anauliza, "maua ya mkorosho yana unga mweupe, nipulize nini?" Hayo maneno ya pili ndiyo yenye thamani. Andika yote mawili, na pia "ubwiriunga" kwa kuunganisha. Maneno manane hadi kumi yanatosha.

Hatua ya 2: Pata kiasi cha utafutaji, ukijua mipaka yake

Keyword Planner iko ndani ya Google Ads. Weka nchi Tanzania, na kwenye lugha chagua zote, kwa sababu watu wengi wanaandika Kiswahili kwenye simu iliyowekwa Kiingereza. Kama hulipii matangazo, hupewi namba kamili bali vipimo kama `10 – 100` au `100 – 1K`. Usichukue katikati ya kawaida, 550, kwa kipimo cha pili. Maneno yenye utafutaji mdogo ni mengi kuliko yenye mkubwa, kwa hiyo zidisha ncha mbili kisha tafuta kipeuo cha pili: 100 mara 1,000 inakupa kama 316. Kwa kipimo cha kwanza ni kama 32.

Na kumbuka, huo ni utafutaji wa Google, si wa YouTube. Mimi siutumii kusema mada ina watu wangapi. Nautumia kujua neno lipi linalizidi lingine. Maneno mengi ya Kiswahili hayatakuwa na namba kabisa, na hilo halimaanishi hakuna anayeyatafuta.

Hatua ya 3: Pima watazamaji mara mbili

Hapa ndipo kazi ilipo. Namba iliyo chini ya video ni jumla ya tangu ilipowekwa. Video ya miaka sita yenye watazamaji 90,000 inaweza kuwa imeshakufa, na ya mwaka jana yenye 6,000 ikawa ndiyo inayotazamwa kila siku. Unachotaka ni ongezeko la mwezi mmoja.

Tafuta kila neno lako, chukua video ndefu zinazohusu dawa za mikorosho, ziweke kwenye Google Sheets. Shorts ziache pembeni: tangu Machi 31, 2025 YouTube huhesabu kila zinapoanza kucheza, hata mtu akipitisha kidole papo hapo. Video moja itatokea kwenye maneno matatu, kwa hiyo andika kitambulisho chake, zile herufi 11 baada ya `watch?v=`, ili usiihesabu mara mbili. Bonyeza maelezo ya video upate namba kamili ya watazamaji, uijaze safu ya D. Baada ya siku 30 rudi ujaze E, kisha weka fomula hizi, ile ya F2 uinakili hadi F21.

```
F2: =E2-D2
H1: =SUM(F2:F21)
H2: =MEDIAN(F2:F21)
H3: =MAX(F2:F21)/H1
```

Tuchukue namba za mfano. Video 20 zina jumla ya watazamaji 412,000, na ndani ya Julai zimeongeza 18,500. Ukikagua unaona 9,000 kati yake ni za taarifa ya habari kuhusu ugawaji wa pembejeo. Aliyeitazama alifuata habari, hakufuata namna ya kupulizia. Itoe. Zinabaki 9,500.

Sasa angalia H3. Video inayoongoza imepata 3,800, yaani asilimia 40. Hiyo bado ni mada. Ingefika asilimia 80, ningesema kuna video moja nzuri na nyingine hazina watu, na nisingetegemea kwamba yangu itakuwa ile moja. Kwa sababu hiyo makadirio ya video yako yafuate namba ya H2, ile ya katikati, ambayo tuseme ni 210 kwa mwezi. Wastani wa kawaida ungevutwa juu na ile inayoongoza.

Hatua ya 4: Rekebisha msimu

Huku kusini dawa ni habari ya mikorosho inapochanua, kuanzia kama Juni hadi Septemba. Ukipima Julai ukazidisha kwa 12, unajidanganya.

Fungua Google Trends, weka Tanzania, miaka 5, na badala ya `Web Search` chagua `YouTube Search`. Namba zake ni za ulinganisho, kutoka 0 hadi 100, si idadi ya watu. Chagua neno kwa uangalifu: "korosho" peke yake hubeba pia watu wa bei na minada, ambao msimu wao ni wa mavuno, kuanzia Oktoba. Tumia "dawa ya korosho" au "mikorosho". Ikikuambia data haitoshi, tumia kalenda ya shamba: gawa miezi kuwa ya dawa na isiyo ya dawa, upime tena mwezi mmoja usio wa dawa, kama Februari.

Tuseme Julai ni 80 na wastani wa mwaka ni 40. Basi:

```
9,500 × 12 × 40/80 = 57,000 kwa mwaka
210 × 12 × 40/80 = 1,260 kwa video, kwa mwaka
```

Linganisha 57,000 na ile 412,000 ya mwanzo.

Hatua ya 5: Soma jibu

Tuseme unarekodi video kumi: zingepata 12,600 kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 22 ya mada yote, kwa hiyo jiulize kama kweli utawazidi waliopo au utaleta watu wapya. Rudi kwenye komenti. Maswali ya vipimo vya dawa na muda wa kurudia yakiwa yamekaa miezi bila jibu, nafasi ipo, hasa ukichukua maelekezo kwa wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele badala ya kukisia. Kama kila swali limejibiwa vizuri, punguza makadirio yako.

Kwa anayetegemea matangazo ya YouTube peke yake, watazamaji 12,600 kwa mwaka hawarudishi hata gharama za safari za shambani. Kwa mwenye duka la pembejeo Masasi au anayekodisha mashine za kupulizia, hesabu ni nyingine, maana hao wanaotazama ni watu wenye mikorosho na tayari wanatafuta dawa. Yeye aanze kurekodi mwezi Mei, ili video ziwe zimeshapanda kwenye utafutaji maua yatakapotoka.