Kabla hujasema "mirija iko sawa" kwenye picha ya kifua ya ICU

Soma kwanza jina la mgonjwa na saa ya picha, kisha weka kando yake picha ya jana. Kumbuka kwamba upande wako wa kushoto ndio kulia kwa mgonjwa.

Halafu tafuta ncha ya mrija wa kupumulia. Fuata mstari wake mweupe ndani ya njia ya hewa hadi unapoishia, kisha pima umbali kutoka hapo hadi karina, yaani pale njia hiyo inapogawanyika kwenda mapafu mawili. Kwa mtu mzima, kama shingo imenyooka, umbali wa sentimita 5 hivi ni mzuri. Kati ya 3 na 7 hatugombani. Lakini angalia kidevu kiko wapi. Kikiinama kuelekea kifuani, ncha hushuka kama sentimita 2. Kichwa kikirudi nyuma, hupanda kiasi hichohicho.

Hapa ndipo watu wanapoumia. Kuna mgonjwa aligeuzwa usiku ili abadilishiwe shuka, na baada ya muda oksijeni yake ikashuka. Picha ikarudi, pafu la kushoto jeupe lote. Daktari wa zamu akaona maji kifuani, akaagiza vifaa vya kuyatoa. Sindano ilikuwa tayari mezani mwenzake alipouliza, "Moyo umeenda upande gani?" Ulikuwa umevutwa kushoto, kwenye weupe uleule. Maji mengi yangeusukuma kulia. Pafu lililosinyaa ndilo huuvuta kwake. Kuufuata mrija tena, ncha imepita karina, imezama kwenye tawi la kulia. Tawi hilo ni pana na limenyooka zaidi kuliko la kushoto, ndiyo maana mrija ukisukumwa huishia huko, na hewa yote inalipata pafu moja. Wakapunguza hewa ya puto la mrija, wakauvuta sentimita chache, wakajaza puto, wakaufunga upya. Picha ya baadaye ilionyesha pafu limeanza kufunguka. Fikiria sindano ile ingeingia kwenye pafu lisilo na maji.

Mrija wa mshipa mkuu unapaswa kushuka upande wa kulia wa uti wa mgongo na kuishia karibu na mlango wa moyo, takriban pingili mbili chini ya karina. Ukiuona umepinda kwenda juu shingoni, umeingia mshipa mwingine. Ukishuka kushoto kwa uti wa mgongo, usipitishe dawa yoyote mpaka ujue kama uko kwenye ateri: pima presha na gesi za damu kutoka mrija huohuo.

Baada ya kuuweka, tafuta hewa iliyovuja nje ya pafu. Kwa mgonjwa aliyelala chali, haionekani juu kwenye mtulinga tu. Hujikusanya mbele na chini, na kona ya chini ya kifua huonekana nyeusi na ya kina kupita kawaida. Na picha haithibitishi kwamba mrija wa kupumulia haujaingia kwenye umio, maana njia hizo mbili hulaliana. Hilo liulize kwenye kipimo cha hewa ya ukaa, kabla hata ya kuita mpiga picha.