Mlinganyo wa duara na tanjenti yake ukiwa na kitovu na nukta moja

Tuchukue duara lenye kitovu C(2, −1) linalopita kwenye nukta P(5, 3). Chora kwanza, hata kwa mkono tu, ili baadaye uone kama jibu linaelekea kunakostahili.

Hatua ya 1: nusukipenyo. Kutoka C hadi P unakwenda kulia 3 na kupanda 4. Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi wanapoteleza: 3 − (−1) ni 4, si 2. Kwa kanuni ya Pithagorasi:

```
r² = 3² + 4² = 25
```

Usihangaike na kipeuo cha pili, maana mlinganyo unataka r² yenyewe.

Hatua ya 2: mlinganyo wa duara. Alama za kitovu hugeuka ndani ya mabano:

```
(x − 2)² + (y + 1)² = 25
```

Rudisha P humo: 9 + 16 = 25. Ungeandika (y − 1)² ungepata 9 + 4 = 13, na kosa lingejifichua palepale. Swali likitaka mabano yafunguliwe, jibu ni x² + y² − 4x + 2y − 20 = 0.

Hatua ya 3: mteremko wa tanjenti. Tanjenti hukutana na nusukipenyo CP kwa pembemraba. Mteremko wa CP ni 4/3. Geuza juu chini, kisha badili alama: −3/4.

Hatua ya 4: mlinganyo wa tanjenti. Inapita P, kwa hiyo:

```
y − 3 = −3/4 (x − 5)
4y − 12 = −3x + 15
3x + 4y = 27
```

Sasa weka kitovu kwenye jibu: 3(2) + 4(−1) = 2, si 27. Vizuri, kwa sababu tanjenti haipiti kitovuni. Anayesahau kugeuza mteremko hupata 4x − 3y = 11, na P inakubali bila shida, ndiyo maana kuhakiki kwa P peke yake hakutoshi. Lakini weka C: 8 + 3 = 11. Huyo ameandika mstari wa nusukipenyo.

Tazama tena 3x + 4y = 27. Hizo 3 na 4 ni zilezile hatua za kutoka C hadi P. Kwa hiyo unaweza kuruka mteremko kabisa:

```
3(x − 5) + 4(y − 3) = 0
```

Mimi huipenda njia hii hasa nukta inapokuwa juu kabisa au pembeni kabisa mwa duara. Chukua Q(7, −1) kwenye duara hilihili: kulia 5, kupanda 0. Mteremko wa CQ ni 0, ukijaribu kuugeuza unagawanya kwa sifuri na kukwama. Kwa njia ya hatua, 5(x − 7) + 0(y + 1) = 0, yaani x = 7, mstari wima.