Somo: Uthibitisho wa malipo ya ada ya mtihani, na jinsi malipo yasiyoonekana yanavyotatuliwa kituoni

Somo hili linamhusu mtahiniwa wa kujitegemea wa mtihani wa kidato cha nne, yaani yule anayejiandikisha katika kituo ambacho namba yake huanza na herufi P. Mwanafunzi wa shule ana uongozi wa shule unaomfuatilia, lakini wa kujitegemea hufuatilia mambo yake mwenyewe, mara nyingi akiwa mbali na kituo. Mimi hushughulikia uandikishaji katika kituo kimoja cha hapa Dodoma mjini, na watahiniwa wetu hutoka Bahi, Chamwino, Kongwa na kwingineko. Karibu kila msimu wapo wanaofika na ujumbe wa simu unaosema wamelipa, ilhali kwenye mfumo ankara yao bado inaonekana haijalipwa.

Kabla ya kuzungumzia uthibitisho, inafaa kujua fedha inapita njia gani. Mtahiniwa hupewa namba rejea na kituo, kisha huitumia kujaza fomu kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Akimaliza kujaza, mfumo humtengenezea ankara yenye namba ya malipo ya serikali, ile ambayo wengi tunaiita kontroo namba. Ni namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99, nayo hulipiwa benki, kwa wakala au kwa simu. Ada hiyo haipitii kituoni hata kidogo, bali inakwenda serikalini moja kwa moja kupitia mfumo wa malipo ya serikali. Kwa sababu hiyo mkuu wa kituo hawezi kuikana wala kuithibitisha kwa kuangalia sanduku lake la fedha, na mwandikishaji anayekuambia "nipe mimi nikulipie, utachukua risiti kesho" anakutoa nje ya njia hiyo.

Hatua ya kwanza ni kuchapisha fomu yenye ankara kabla ya kulipa. Wengi huandika namba ya malipo kwenye kiganja au kwenye kipande cha karatasi, wakalipa, na fomu wakaiacha kwenye kompyuta ya steshenari. Ukurasa huo ndio pekee unaoonyesha kwa pamoja jina lako, namba yako rejea na namba yako ya malipo. Ujumbe wa simu hauna jina lako la mtihani. Unaonyesha tu kwamba kiasi fulani kililipwa kwenye namba fulani, na mtu akiuliza namba hiyo ni ya nani, jibu liko kwenye fomu.

Hatua ya pili ni kulinganisha tarakimu zote 12 kabla ya kuthibitisha malipo. Baadhi ya njia za kulipa huonyesha jina la anayedaiwa kabla hujaweka namba ya siri. Likionekana jina lisilo lako, usiendelee. Ukilipa kwa wakala, mwombe akusomee namba kutoka kwenye skrini yake huku wewe ukiifuata kwenye fomu.

Hatua ya tatu ni kutunza kumbukumbu ya muamala. Kwa aliyelipa kwa simu, kumbukumbu hiyo ni ujumbe wenye namba ya muamala, kiasi, tarehe na saa. Kwa aliyelipa benki ni hati ya malipo, na kwa aliyelipa kwa wakala wa benki ni ile karatasi ndogo inayotoka kwenye mashine. Karatasi hiyo ina shida yake: huchapishwa kwa joto, si kwa wino, na ikikaa mfukoni au juani hufifia mpaka inabaki nyeupe. Itoe nakala siku hiyohiyo, au ipige picha na kuandika namba ya muamala kwa kalamu nyuma ya fomu. Ikiwa ujumbe uliingia kwenye simu ya wakala au ya ndugu yako, omba akutumie ujumbe wenyewe kama ulivyo. Maneno yake kwamba "imeshaenda" hayatoshi.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ni kurudi kwenye mfumo kwa namba yako rejea na kuhakikisha ankara inaonekana imelipwa, kisha kupeleka nakala za karatasi hizo kituoni. Malipo ya simu kwa kawaida huonekana baada ya muda mfupi, ingawa siku mtandao unapokuwa mzito huchelewa. Ikipita siku nzima bila mabadiliko, njoo kituoni usisubiri zaidi, kwa sababu dirisha la uandikishaji hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani wa Novemba, na tatizo lililo jepesi wakati dirisha liko wazi huwa zito sana likishafungwa.

Sasa tuangalie kesi moja. Mtahiniwa mmoja kutoka upande wa Kongwa alikuja na ujumbe halali wa malipo ya shilingi 50,000, lakini ankara yake ilionekana haijalipwa. Alikuwa ameamini kwamba mfumo umekosea, na alikuwa tayari kulipa mara ya pili ili aondokane na wasiwasi. Jambo la kwanza tunalofanya kituoni katika hali hiyo ni kumzuia mtu asilipe tena. La pili ni kuweka fomu na ujumbe pamoja mezani na kusoma namba ya malipo tarakimu kwa tarakimu. Namba hizo zilifanana mwanzoni kote, zikatofautiana katika tarakimu tatu za mwisho. Kwa hiyo fedha haikupotea. Ilikuwa imelipa ankara nyingine.

Ankara hiyo ilikuwa ya nani? Tulimuuliza fomu ilijazwa wapi na pamoja na nani. Alisema ilijazwa steshenari, na kwamba mbele yake alikuwapo dada aliyejiandikisha kituo hikihiki. Mwenye steshenari alikuwa amewaandikia namba zao kwenye vikaratasi, akavibadilisha. Tulipofungua taarifa za dada huyo, tulikuta ankara yake imelipwa, na namba yake ya malipo ilikuwa ndiyo ile iliyokuwa kwenye ujumbe wa kijana. Alipopigiwa simu, dada alieleza kwamba alikwenda kulipa akaambiwa ankara imeshalipwa, naye akadhani mjomba wake amemfanyia jambo jema bila kumwambia.

Utatuzi ulikuwa rahisi kwa sababu wote wawili walikuwa wa kidato cha nne na ada zao zililingana. Waliitwa kituoni, yakaandikwa maelezo mafupi yanayotaja namba rejea zote mbili, namba zote mbili za malipo na namba ya muamala, wakasaini mbele ya mkuu wa kituo. Kisha dada akalipa ankara ya kijana kwa fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili yake mwenyewe. Hakuna fedha iliyohitaji kurudishwa. Kama mmoja wao angekuwa wa mtihani wa maarifa, ambao ada yake katika matangazo ya miaka ya karibuni imekuwa shilingi 30,000, wangelazimika kurudishiana tofauti ya shilingi 20,000 wao kwa wao. Na kama dirisha la kawaida lingekuwa limefungwa, ankara mpya ingekuja na nyongeza ya kuchelewa, 65,000 badala ya 50,000, na hapo mabishano ya nani abebe nyongeza hiyo yangeanza.

Si kila kesi huishia hivyo. Namba zikilingana kabisa na ankara bado ikaonekana haijalipwa, tatizo liko kati ya mtoa huduma na mfumo. Hapo mlipaji huanza kwa mtoa huduma, apate taarifa ya miamala inayoonyesha kama fedha ilifika au ilirudishwa kwenye akaunti. Malipo yanayokwama wakati mwingine hurudi kimya kimya, na mwenye simu hajui kwa kuwa hakuangalia salio. Taarifa ikionyesha kwamba fedha ilipokelewa, mkuu wa kituo huandika barua kwa Baraza la Mitihani akiambatisha fomu, ujumbe na taarifa hiyo. Kituo chenyewe hakina uwezo wa kubadili hali ya ankara. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba anayeweza kuibadili anapata vielelezo vinavyoungana.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Simu yangu iliibiwa mnadani na ujumbe wa malipo ulikuwa humo. Laini nimeshairudisha. Je, nimepoteza uthibitisho?

Jibu: Marahaba. Hujapoteza. Muamala umehifadhiwa kwa mtoa huduma, si kwenye simu. Nenda kwenye duka la mtandao wako na kitambulisho chako cha taifa uombe taarifa ya miamala ya mwezi uliolipa. Lakini anza kwa kuangalia ankara yako kwenye mfumo, maana ikiwa imeonekana imelipwa, huna haja ya safari hiyo.

Swali: Mwalimu, aliyenilipia ni kaka yangu aliyeko Singida, na jina la kwenye ujumbe ni lake. Kituo kinaweza kukataa?

Jibu: Hapana, ndugu. Jina la mlipaji si hoja. Hoja ni kwamba namba ya malipo iliyo kwenye ujumbe wake iwe ileile iliyo kwenye fomu yako. Mwombe asiufute ujumbe huo, kwa sababu likitokea tatizo, taarifa ya miamala ataiomba yeye mwenye laini, wewe hutapewa.

Swali: Mimi nilitengeneza ankara mbili kwa sababu ya kwanza sikuiona vizuri, nikalipa ya kwanza. Sasa ya pili inanidai.

Jibu: Usiilipe kwanza. Njoo kituoni na fomu zote mbili pamoja na ujumbe, tuangalie ni fomu ipi iliyobeba taarifa zako sahihi za masomo. Ikiwa uliyoilipia ndiyo sahihi, ile nyingine unaiacha tu. Ikiwa uliyoilipia ina makosa, marekebisho huombwa kupitia mkuu wa kituo kabla dirisha halijafungwa, na ushahidi wa malipo ndio kiambatisho cha kwanza.

Swali: Kituo kilinidai fedha nyingine mbali na ada ya Baraza, nikatoa taslimu kwa mtu wa ofisini bila risiti. Juzi nimeambiwa sijalipa. Nifanye nini?

Jibu: Hiyo ni fedha tofauti, ya huduma za kituo kama vile vifaa vya mitihani ya vitendo, na haina uhusiano na namba ya malipo ya Baraza. Iombe ofisi ifungue daftari la makusanyo la tarehe uliyolipa, nawe uandike maelezo yanayotaja tarehe, kiasi, aliyepokea na aliyekuwepo, uyakabidhi kwa mkuu wa kituo mwenyewe na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Daftari likiwa na jina lako, jambo limekwisha. Lisipokuwa nalo, mkuu wa kituo atalazimika kumhoji aliyepokea, na sikufichi kwamba pasipo shahidi huwa ni neno lako dhidi ya lake. Ukidaiwa tena kiasi chochote kituoni, omba stakabadhi kabla hujakitoa mkononi.